Tepu inasema 9, 12, 15 na msingi bado umepinda: kisa cha kiwanja cha mteremko Kasese

Kiwanja ni cha futi 50 kwa 100, kipimo ambacho mnunuzi wa ardhi nchini Uganda hukutana nacho kila mahali. Kiko upande wa Kasese unaopanda kuelekea milima ya Rwenzori, pale ambapo ardhi imeacha kuwa tambarare lakini bado haijawa mlima wa kumtisha mtu. Nyumba iliyochorwa ina mita 12 kwa mbele na mita 9 kwenda nyuma, zikipimwa kwenye uso wa nje wa ukuta. Ukiwa na futi 50, yaani mita 15.24, nyumba ya mita 12 inakuachia kama mita 1.62 kila upande. Nafasi ipo, ila si ya kuchezea.

Tuzipe kona nne herufi ili tusipoteane. A ni kona ya juu kushoto, karibu na barabara. B iko kulia kwake, mita 12 kwenye mstari wa mbele. D iko nyuma ya A, mita 9 chini ya mteremko, na C iko nyuma ya B. Ardhi inashuka pande mbili kwa pamoja. Kutoka A kwenda B inashuka sentimita 45, na kutoka A kwenda D inashuka sentimita 60, kwa hiyo C iko chini ya A kwa sentimita 105. Kwa macho, mteremko huo hauonekani mkali. Mtu anaweza kusimama A, akatazama C, akasema kiwanja kimelala kidogo tu.

Mafundi walianza vizuri. Walivuta kamba ya nailoni ya mstari wa mbele wakiupima kutoka mpaka wa barabara, wakapiga kigingi A na kingine B. Hawakutumia mpaka wa pembeni kupata kona, na hapo walifanya jambo la maana: mawe ya mpaka huonyesha ardhi yako inaishia wapi, hayakuahidi kwamba kona ya kiwanja ina pembe mraba. Mpaka mmoja unatosha kukupa mwelekeo wa nyumba. Kona zinazobaki unazitengeneza mwenyewe.

Kisha walifanya tatu-nne-tano pale A, ile njia ya kupata pembe mraba kwa tepu peke yake. Walipima mita 4 kuelekea B wakapiga msumari kwenye kigingi kidogo, wakapima mita 3 kuelekea nyuma, wakazungusha ile mita 3 mpaka tepu kati ya alama mbili iliposoma mita 5 kamili. Tepu yote ililazwa juu ya ardhi. Wakarefusha mstari ule wa nyuma hadi mita 9 wakapata D, kisha wakapima mita 9 kutoka B na mita 12 kutoka D, na pale vipimo viwili vilipokutana wakapiga C. Mwisho wakapima kona kwa kona. A hadi C ilisoma mita 15.00. B hadi D ilisoma mita 15.00.

Kwa mita 12 na 9, ulalo unaotakiwa ni mita 15 barabara, maana 9-12-15 ni ile ile tatu-nne-tano iliyozidishwa mara tatu. Pande nne zilikuwa sawa, lalo mbili zilikuwa sawa, na jibu la hesabu lilikuwa sawa. Fundi mkuu akamwambia mwenye nyumba, "Mzee, skwea imekubali." Chokaa ikamwagwa, na mitaro ya sentimita 60 ikachimbwa.

Kosa lilionekana siku profaili zilipowekwa.

Profaili ni zile mbao zinazopigiliwa juu ya nguzo nje ya kona, ili kamba za ukuta zifungwe hapo na zibaki hapo hata kigingi cha kona kikishachimbwa. Mbao za juu zilisawazishwa zote kwa mpira wa maji, kwa hiyo kamba zote zilikaa kwenye usawa mmoja, bila kufuata ardhi. Kamba ziliwekwa zipite juu kabisa ya vigingi vya zamani, kila kona ikishushwa timazi kuhakikisha. Halafu lalo zikapimwa tena, safari hii kwenye makutano ya kamba, tepu ikiwa imelala sawa na maji. A hadi C ikasoma mita 14.963. B hadi D ikasoma mita 14.999. Tofauti ni sentimita 3.6. Pande nazo zilikuwa zimepungua: mbele na nyuma mita 11.99, ubavuni mita 8.98.

Hakuna aliyegusa kigingi usiku, na tepu ni ile ile. Vipimo vya kwanza na vya pili vyote ni vya kweli. Vya kwanza vinaeleza umbo lililolala juu ya mteremko. Vya pili vinaeleza umbo ambalo nyumba italikalia, maana ukuta unapanda kwa timazi na sakafu inalala kwa maji.

Mahali hapa panastahili kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wengi hodari huangukia. Kila mtu anaelewa upesi kwamba tepu ikifuata mteremko, urefu wa kweli unapungua. Lisiloeleweka upesi ni kwamba pembe yenyewe inaharibika. Mteremko ukishuka kwa kufuata upande mmoja tu, yaani mstari wa mbele uko sawa na maji na kiwanja kinashuka moja kwa moja kwenda nyuma, basi pembe mraba iliyochorwa ardhini hubaki pembe mraba. Nyumba itapungua kina, lakini haitapinda. Mteremko ukishuka kwa mshazari, kama kiwanja hiki, mikono yote miwili ya pembe inainama, na pembe iliyo mraba juu ya ardhi haiwi mraba ukiitazama kutoka juu.

Angalia ile tatu-nne-tano pale A. Kwenye mita 4 kuelekea B, ardhi imeshuka sentimita 15. Kwenye mita 3 kuelekea D, imeshuka sentimita 20. Kwa hiyo mikono miwili imelala kwenye mteremko, lakini ile mita 5 inayounganisha ncha zake inatoka sentimita 15 chini ya A kwenda sentimita 20 chini ya A. Tofauti ya kimo kati ya ncha hizo ni sentimita 5 tu, karibu sawa na maji. Mikono imepungua, mita 5 haikupungua. Ukihesabu urefu wa kweli wa mikono hiyo, ulalo uliopaswa kuwapo ni mita 4.994. Mafundi waliweka mita 5.000. Zile milimita 6 za ziada zilifungua pembe ya A kidogo kupita nyuzi 90, na kwenye mita 9 kidogo hicho kilikua kikawa sentimita 2.25. D ilitupwa nje, kushoto, kwa kiasi hicho.

Lalo zilikuwa na hadithi hiyo hiyo. A hadi C inashuka mteremko wote, sentimita 105. B hadi D inashuka sentimita 15 tu, kwa sababu B yenyewe iko chini ya A kwa 45 na D iko chini kwa 60. Tepu ikilazwa ardhini, inaongeza urefu mwingi kwenye ulalo mmoja na karibu haiongezi kitu kwenye mwingine. Ndiyo maana umbo lililopinda lilisoma 15.00 pande zote mbili. Na ukigeuza jambo hili ni baya zaidi: msingi ambao kweli ni mstatili, ukipimwa ardhini kwenye kiwanja hiki, ungeonyesha A hadi C ikiwa ndefu kwa sentimita 3.6. Fundi mwenye nia njema angeusogeza mpaka "ukubali", na hapo ndipo angeupinda.

Kuna hesabu fupi ya kujua mteremko unakudanganya kiasi gani kabla hujapiga hata kigingi. Chukua mshuko kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa urefu wa kipimo mara mbili, nao kwa sentimita. Kwa A hadi C ni 105 × 105 ÷ 3000, yaani karibu sentimita 3.7. Kwa upande wa mita 9 unaoshuka 60 ni 3600 ÷ 1800, sentimita 2 kamili. Kwa mstari wa mbele unaoshuka 45 haifiki sentimita 1. Kwa mishuko ya kawaida ya viwanja hesabu hii inatosha. Ione pia jinsi kosa linavyokua: mshuko ukiongezeka maradufu, kosa linazidi mara nne. Mshuko wa sentimita 15 kwenye ulalo wa mita 15 unakuibia chini ya milimita moja, na hapo unaweza kulaza tepu ardhini ukalala usingizi. Ukifika nusu mita, umeshapoteza milimita 8. Kuanzia hapo tepu inyanyuliwe.

Sasa, je, kosa hili linastahili kurekebishwa? Sentimita 3.6 kona kwa kona haziangushi nyumba. Tofali halijui kama kona ina nyuzi 90 au 90.14. Linaloumia ni kila kitu chenye mstari ulionyooka kitakachokuja baadaye. Ukianza kulaza vigae vya sakafuni kwa kufuata ukuta wa mbele, kigae cha mwisho kwenye ukuta wa ubavu kitaonyesha kabari: katika chumba cha mita 4, upana wa kipande utatofautiana sentimita 1 kutoka mwanzo hadi mwisho, na macho ya mtu hayakosi kuiona. Kwenye paa, mabati yanaanza sawa na ukingo na kumaliza yakiwa yamechomoza upande mmoja. Fundi wa paa ataficha, lakini ataficha kwa mbao na muda wa mwenye nyumba. Kwa hatua hii, ambapo hakuna zege lililomwagwa, marekebisho ni kusogeza misumari michache kwenye profaili. Hakuna sababu ya kuacha.

Mitaro pia haikuhitaji kuchimbwa upya. Ukuta wa msingi ni wa sentimita 23, mtaro ni wa 60, kwa hiyo kila upande una sentimita 18.5 za nafasi. Kona iliyosogea zaidi ilikuwa C, ambayo ilitakiwa kwenda kulia sentimita 3 na nyuma sentimita 2. Upande mwembamba wa zege ukabaki na zaidi ya sentimita 15. Hiyo inakubalika. Ingekuwa kosa la sentimita 8 au 10, jembe lingerudi kazini, maana ukuta unaokaa pembeni mwa zege unalisukuma zege upande mmoja na msingi unaweza kuinama.

Marekebisho yalianzia kwenye profaili zenyewe, kwa sababu kamba haiwi sahihi kuliko mbao inayoishika. Kila profaili ilikaa mita 1 nje ya ukingo wa mtaro, mbali na udongo uliotolewa, ili mtu anayepita na toroli asiigonge. Nguzo zilikuwa za mikaratusi, mbao za juu za inchi 1 kwa 4. Shida ya kiwanja cha mteremko ni kimo: mbao pale A ilikuwa sentimita 25 tu juu ya ardhi, lakini pale C, ili ifike usawa ule ule, ilipanda hadi sentimita 130. Nguzo ndefu namna hiyo ikivutwa na kamba inainama bila kukuaga. Ukikaza kamba ya kwanza usomaji ni mzuri, ukikaza ya pili ile ya kwanza imelegea na kona imehama. Dawa ni mwegemeo: mti wa mshazari kutoka juu ya nguzo hadi ardhini, upande wa ndani unakoelekea mvuto wa kamba, umepigiliwa juu na kuzuiwa chini kwa kigingi. Jaribu kwa kuivuta kamba kwa kidole katikati. Ukiona ncha ya mbao inatikisika, ongeza mwegemeo.

Mpira wa maji nao una tabia zake. Uwe mweupe unaoonyesha ndani, wenye urefu wa kufika kona kwa kona na ziada, kama mita 20. Kabla ya kuanza, leta ncha mbili pamoja, uone maji yanasimama kimo kimoja. Yasiposimama sawa, kuna povu la hewa limejificha mahali, na litakudanganya sentimita kadhaa. Lifukuze kwa kunyanyua mpira kipande kwa kipande. Na wakati wa kusoma, vidole gumba vyote viwili viondoke kwenye ncha. Msaidizi mmoja akisahau kidole, maji hayashuki, na profaili nzima inapigiliwa mahali pabaya.

Kamba ya mbele, A hadi B, iliachwa ilivyo. Huo ndio mstari uliofungamana na barabara, na katika marekebisho ni lazima kuwe na mstari mmoja usioguswa, la sivyo mtazunguka siku nzima mkisogeza kila kitu kwa zamu. A ilibaki. Msumari wa kamba ya B ulisogezwa nje milimita 8, ili mbele iwe mita 12.00 za kweli.

Kisha ikaja swali la kamba mbili za ubavuni: zisogezwe kiasi gani kule nyuma? Hapa watu wengi hubahatisha. Wengine husogeza tofauti yote ya sentimita 3.6, wakapita upande wa pili. Wengine husogeza nusu, 1.8, wakabaki nyuma. Kiasi sahihi kinategemea umbo la nyumba:

```
kusogeza = tofauti × ulalo ÷ (2 × upande unaosogezwa)
```

Upande unaosogezwa ni wa nyuma, D hadi C, wenye mita 12, na ulalo ni 15. Kwa hiyo ni 3.6 × 15 ÷ 24, yaani sentimita 2.25. Kwa nyumba yoyote ya 12 kwa 9 unazidisha tofauti kwa 0.625 ukiwa umeshikilia upande wa mita 12. Kwa nyumba yenye pande sawa kipimo ni karibu 0.71. Nusu ya tofauti inafaa tu pale nyumba ni ndefu sana na nyembamba, na hata hapo ni kwa makadirio. Mwelekeo ni rahisi kukumbuka: sogeza nyuma kwa namna itakayofupisha ulalo mrefu. Hapa mrefu ni B hadi D, basi D inavutwa kulia, kuelekea B, na C inakwenda naye kulia.

Kuna jambo dogo linalosahaulika hapo. Msumari haupo pale D. Uko kwenye profaili, mita 1 na zaidi nyuma ya D. Kamba ya ubavu inazunguka kwenye A kama mlango kwenye bawaba, na kadiri unavyokwenda mbali na bawaba ndivyo mwendo unavyokuwa mkubwa. Profaili ikiwa mita 10.3 kutoka A, ili D isogee 2.25 msumari lazima usogee 2.25 × 10.3 ÷ 9, yaani karibu sentimita 2.6. Ukisogeza msumari 2.25, D itasogea chini ya sentimita 2, na lalo zitabaki na tofauti ya nusu sentimita ambayo utaitafuta bila kujua ilikotoka. Upande wa pili wa profaili, ule wa mbele ya A, kamba nayo inabidi irekebishwe kidogo kwa mwelekeo wa kinyume ili iendelee kupita juu ya A. Mafundi walishusha timazi pale A baada ya kila badiliko, na hicho ndicho kipimo cha kuaminika.

Mwisho kamba ya nyuma ilisogezwa sentimita 2 kwenda nyuma, hadi pande zote mbili za ubavu zikasoma mita 9.00 kwenye usawa.

Halafu vipimo sita vikachukuliwa tena: pande nne na lalo mbili. Si lalo peke yake. Lalo zinazolingana hazithibitishi mstatili. Nyumba yenye mbele mita 12.00 na nyuma mita 11.90, ikiwa imepungua sentimita 5 kila upande, ina lalo zinazolingana kabisa, na bado kona zote nne zimeharibika. Lalo zinaongea ukweli tu pale pande zinazotazamana zimeshalingana. Pande kwanza, lalo baadaye, na ulalo ulinganishwe pia na ile namba ya hesabu, hapa 15.00, usilinganishwe na mwenzake tu.

Usomaji wa mwisho ulikuwa A hadi C mita 14.998 na B hadi D mita 15.002. Tofauti ya milimita 4. Kwa kamba, misumari na upepo wa alasiri, hapo ndipo pa kusimama. Kwa nyumba ya ukubwa huu, milimita 5 ni kazi safi, sentimita 1 inavumilika, zaidi ya hapo irekebishwe wakati bado ni kamba.

Usomaji wa namna hiyo unategemea mikono miwili ya watu wawili. Kichwa cha chuma kwenye ncha ya tepu hucheza kidogo, na ncha ikiisha kulika sifuri haipo pale unapodhani. Ndiyo maana wengi hushika alama ya sentimita 10 badala ya sifuri. Ni desturi nzuri, mradi wote wawili wakumbuke kuwa 15.00 sasa inasomwa 15.10. Kosa la sentimita 10 kamili kwenye kipimo kimoja karibu siku zote limetoka hapa. Tepu ya nguo huvutika, hivyo ivutwe kwa nguvu ile ile kwenye lalo zote mbili na mtu yule yule. Tepu iliyorefuka, mradi imerefuka sawasawa, bado itakupa pembe mraba, kwa kuwa uwiano wa 3, 4 na 5 haubadiliki. Itakachoharibu ni urefu wa nyumba. Na tepu inayoning'inia katikati kwa sentimita 10 kwenye mita 15 huongeza usomaji kwa milimita 2 hivi. Ikining'inia sentimita 20, inaongeza milimita 7. Msaidizi mmoja akiibeba katikati kwa kiganja, tatizo linakwisha.

Kama mafundi wangetaka kuepuka yote haya tangu mwanzo, wangeanza na profaili zilizosawazishwa, wakafanya tatu-nne-tano kwenye kamba badala ya ardhini, na kwa pembetatu kubwa kuliko ile ya mita 5. Ukubwa wa pembetatu una uzito sawa na usawa wa tepu. Chukua skwea ya mbao ya sentimita 60, 80 na 100. Ukikosea milimita 2.7 kwenye ile 100, ambao ni unene wa alama ya penseli na msumari, kona ya nyuma kwenye mita 9 itahama sentimita 5. Kosa hilo hilo kwenye mita 3, 4 na 5 linaihamisha sentimita 1. Kwenye 6, 8 na 10 linaihamisha nusu sentimita. Skwea ya mbao inafaa kuonyesha mtaro uchimbwe wapi. Haifai kufunga kamba ya ukuta. Kwenye nyumba ya 9 kwa 12 pembetatu bora ni nyumba yenyewe: funga 12 kwenye kamba ya mbele, 9 kwenye kamba ya ubavu, na uzungushe kamba ya ubavu hadi tepu isome 15. Kwa vipimo visivyoangukia vizuri namna hii, sema mita 11.40 kwa 8.60, zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili kwenye simu. Utapata 14.28, na hiyo ndiyo namba ya kuitafuta kona kwa kona.

Pasipokuwa na mbao za profaili siku ya kwanza, tepu inaweza kupimwa kwa ngazi: mmoja anaishika ardhini upande wa juu, mwingine anainyanyua upande wa chini hadi iwe sawa, kwa pima maji ndogo iliyofungwa kwenye kamba iliyokazwa kando yake, kisha anashusha timazi na kupiga kigingi. Vipande visizidi mita 3 au 4 ikiwa mteremko ni mkali, maana mkono ulionyoshwa juu ya kichwa haukazi tepu vizuri.

Kamba zikiwa tayari, kila kona ilishushwa timazi hadi chini ya mtaro. Upepo ukivuma, uzito wa timazi huzunguka na hautulii, hivyo msaidizi alisimama upande wa upepo na kipande cha bati. Kigingi cha chuma kikapigwa pale ncha ilipotua. Chini ya mtaro ardhi ilikuwa imekatwa kwa ngazi, kila ngazi ikilala sawa na maji, na vigingi vya usawa wa zege vikapimwa kutoka kwenye kamba zile zile. Mbao za profaili zikawekewa alama mbili kwa msumeno pale kila kamba inapokaa, moja ya ukuta na nyingine ya ukingo wa mtaro, kwa sababu msumari ukigongwa na toroli unang'oka, ila mfereji wa msumeno haung'oki. Kamba zikafunguliwa zege limwagwe, na siku ya tofali la kwanza zikarudishwa kwenye mifereji ile, lalo zikapimwa mara moja zaidi kabla ya mota kuchanganywa.